AFYA YA MAMA NA MTOTO: Mtoto Anaamka Kila Saa, Ana Nini?

Mwezi huu tumepokea swali moja ambalo tumelisikia mara nyingi sana, kwenye foleni ya posho, kwenye bomba la maji, hata ndani ya taksi ya kwenda Mbarara. Mama mmoja wa New Congo, mwenye mtoto wa wiki 7, alitujia na macho mekundu akatuambia hivi:

"Siku hizi siko nalala. Mutoto anaamuka kila saa. Namunyonyesha, analala kwa mikono yangu. Nikimuweka tu kwa godoro, anaamuka. Mama mukwe anasema maziwa yangu ni mayi tu, haina nguvu, nianze kumupa uji. Jirani naye anasema kuna mutu anamuchungulia mutoto usiku. Nifanye nini?"

Tulimwambia kwamba hatuwezi kumjibu tukiwa tumekaa kwenye benchi mchana. Tukamwomba ruhusa, yeye na mume wake, tufike nyumbani kwao usiku mmoja tuangalie mtoto analala namna gani. Walikubali. Tulikwenda wawili, na daftari na saa. Yale tuliyoyaona ndiyo tunawaletea hapa, kwa sababu usiku ule mmoja ulijibu karibu maswali yote.

Saa 2:10 usiku mama alianza kunyonyesha. Saa 2:25 mtoto alifumba macho, akaacha ziwa. Mama akasema, "Sasa muangalie." Tukaangalia. Macho yalikuwa yamefumba, lakini chini ya kope tuliona yanatembea, huku na huku. Mdomo ulikuwa unanyonya hewa. Mara akakunja uso kama anataka kulia, mara akacheka kidogo. Vidole vilikuwa vinarukaruka. Pumzi haikuwa sawa: ilikwenda mbio, ikapungua, ikasimama kwa muda wa kuhesabu mpaka 3 au 4, ikaanza tena. Saa 2:35 mama akamlaza kwenye godoro. Haikupita dakika moja, mtoto akafungua macho na kulia kwa nguvu.

"Munaona?" akatuuliza mama. Ndiyo, tuliona. Lakini tuliona pia kitu ambacho yeye hakukijua: mtoto alipowekwa chini, alikuwa bado hajafika kwenye usingizi mzito. Alikuwa mlangoni.

Hapa lazima tueleze kidogo jinsi usingizi unavyokwenda.

Sisi watu wazima, usiku hatulali usingizi wa aina moja. Tunateremka kama mtu anayeshuka mtoni: kwanza usingizi mwepesi, halafu unaozidi, halafu ule mzito kabisa ambao hata mvua ikipiga bati hatusikii. Baadaye tunapanda tena, na tunaingia katika usingizi wa ndoto, ule ambao macho yanatembea chini ya kope. Safari hiyo yote, kushuka na kupanda, tuiite mzunguko mmoja. Kwa mtu mzima mzunguko huchukua kama saa moja na nusu, na usiku mmoja tunapita mizunguko 4 au 5. Usingizi wa ndoto ni kama robo tu ya usiku wetu, na kwa kawaida tunaufikia baada ya kulala zaidi ya saa moja.

Mtoto mchanga hana ngazi zote hizo. Ana usingizi wa aina mbili tu. Wa kwanza ni ule tuliouona pale: macho yanatembea, uso unabadilika, viungo vinarukaruka, pumzi haziko sawa. Tuuite usingizi wa kuchezacheza. Huo ndio ndugu wa usingizi wetu wa ndoto. Wa pili ni usingizi mtulivu: mwili umelegea, uso umetulia, pumzi zinakwenda sawasawa kama mtu anayetwanga polepole.

Kuna tofauti tatu kubwa kati yake na sisi. Ya kwanza, yeye anaanza na ule wa kuchezacheza, wakati sisi tunaanza na usingizi wa kushuka. Ya pili, karibu nusu ya usingizi wake wote ni wa kuchezacheza, na huo unavunjika kwa urahisi. Ya tatu, mzunguko wake ni mfupi: dakika 50 hivi, pengine 60. Maana yake, kwa usiku ule ule ambao baba anafika kwenye mwisho wa mzunguko mara 5, mtoto anafika karibu mara mbili ya hizo.

Jambo hili halikuanza kujulikana kwa mashine kubwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, kule Chikago, Marekani, mwanafunzi mmoja aitwaye Eugene Aserinsky alipewa kazi na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, ya kukaa karibu na watoto wachanga waliolala na kuangalia kope zao. Aliona kuna muda macho yanatembea na muda yametulia, na mambo hayo yanarudi kwa zamu. Mwaka 1953 wawili hao walitangaza habari za usingizi wa macho kutembea kwa watu wazima, na mwaka 1955 wakaandika kuhusu mzunguko wa watoto. Kwa hiyo mama akikaa na taa ndogo na subira, anaweza kuona nyumbani kwake yale yale.

Turudi New Congo. Saa 2:45 mtoto alilala tena kwenye ziwa. Safari hii tulimwomba mama asimlaze. Tukasubiri. Macho yakatembea, mdomo ukacheza, mguu ukapiga teke. Dakika 10, dakika 15. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, akatuuliza kama hatuna kazi nyingine. Saa 3:07, yaani baada ya dakika 22, mambo yalibadilika yenyewe. Uso ukatulia. Pumzi zikawa sawa. Tukamwambia mama auinue mkono wa mtoto kidogo na kuuachia. Mkono ukaanguka kama kitambaa kilicholowa. Hapo mama akamlaza chali, kwanza matako, halafu mgongo, halafu kichwa, akaacha kiganja chake juu ya kifua cha mtoto kwa muda kidogo, akautoa. Mtoto hakuamka.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza tunayotaka muikumbuke: mkono uliolegea na pumzi zilizo sawa. Mkilaza mtoto kabla ya hapo, mnamlaza akiwa katika usingizi unaovunjika kwa baridi ya shuka au kwa kukosa joto la kifua. Ukisubiri dakika 20 hivi, unamlaza akiwa katika usingizi mtulivu. Siyo kila mtoto atafuata saa kama askari, lakini mkono haudanganyi sana.

Saa 3:30 tulisikia mguno. Mtoto akajinyonga mwili, akapiga miguu, akatoa kilio kimoja kifupi. Mama tayari alikuwa ameshanyoosha mikono amuinue. Tukamshika mkono. Macho ya mtoto yalikuwa yamefumba! Alikuwa amefika mwisho wa mzunguko wa kwanza. Tukasubiri pamoja, tukihesabu kimoyomoyo. Akaguna tena, akageuza kichwa, akanyonya ngumi yake, na saa 3:33 akatulia, macho yakaanza kutembea chini ya kope. Alikuwa ameingia mzunguko wa pili peke yake.

Mama alishangaa sana. "Kumbe kila siku mimi ndiye namuamusha!" Bibi naye akacheka. Hatutaki mama yeyote ajilaumu kwa hilo. Mtu mzima akilia hajalala, basi tunadhani mtoto ni hivyo hivyo. Lakini mtoto mchanga anaweza kuguna, kujinyonga, hata kulia kidogo, akiwa usingizini kabisa. Mwili wa mtu mzima katika usingizi wa ndoto umefungwa, viungo vinakaa kimya. Kwa mtoto mchanga kufuli hiyo bado haijakaza, ndiyo maana anarukaruka.

Alama ya pili basi ni macho. Ukisikia mguno, angalia kwanza macho. Yamefumba, subiri kidogo, dakika moja au mbili, ukiwa karibu. Yamefunguka, na mtoto anageuza kichwa akitafuta, analeta mkono mdomoni, hapo ameamka na ana njaa. Mpe ziwa mapema, usingoje mpaka alie kwa nguvu, maana kilio kikubwa kinamwamsha kabisa na kumrudisha inachukua muda mrefu.

Saa 4:25 ndivyo ilivyokuwa. Mtoto aliamka kweli, macho wazi, ulimi unatoka nje. Tangu aliponyonya ilikuwa imepita saa moja na dakika 40, yaani mizunguko miwili. Mama akamnyonyesha akiwa amelala ubavu, taa imezimwa, bila kuongea naye. Sisi tukaaga.

Sasa kwa nini anaamka pale pale, katikati ya mzunguko na mzunguko? Jibu ni kwamba hata sisi tunaamka. Mwisho wa kila mzunguko usingizi wetu unakuwa mwembamba. Tunageuka, tunavuta blanketi, tunasikia kwamba mlango umefungwa na mwenzetu yupo, tunalala tena, na asubuhi hatukumbuki kitu. Mtoto naye akifika hapo anapima hali. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama yanasagika haraka, kwa hiyo mara nyingi anakuta tumbo tupu. Au amelowa. Au ana baridi. Au alilala kwenye kifua chenye joto na sasa anajikuta kwenye godoro. Hawezi kuvuta blanketi. Silaha yake ni moja tu, kulia.

Tena yeye hajui usiku. Saa ya ndani ya mwili, ile inayotuambia kwamba giza ni la kulala, kwake inaanza kufanya kazi vizuri kuanzia umri wa miezi 2 au 3. Kuisaidia hakuhitaji pesa: mchana mtoto awe penye mwanga na sauti za watu, hata akilala; usiku pawe giza, sauti ndogo, na tochi ya simu isimulikwe usoni kwake. Kuanzia kama miezi 3 hivi anaanza pia kulala kama sisi, kwa kuingia kwanza usingizi mtulivu, na ule wa kuchezacheza unapungua. Lakini kuamka usiku hakutaisha siku hiyo. Watoto wengi wa mwaka mzima bado wanaamka, na ni wazima.

Na hapa tunamjibu mama mkwe kwa heshima. Maziwa kuwa mepesi kama maji siyo ugonjwa. Mtoto huyu hakuamka kwa sababu maziwa hayana nguvu. Aliamka kwa sababu mzunguko uliisha na tumbo lilikuwa limesaga. Uji kwa mtoto wa wiki 7 unajaza tumbo, unamwondolea hamu ya ziwa, na maji yake yanaweza kumletea kuhara. Kabla ya miezi 6 ni ziwa tu. Ukitaka kujua kama maziwa yanatosha, usihesabu mara anazoamka. Hesabu mikojo: mara 6 au zaidi kwa siku moja, mchana na usiku pamoja. Halafu angalia kadi yake ya kliniki: kama mstari wa kilo unapanda, maziwa yanatosha. Wa mama huyu ulikuwa unapanda vizuri.

Wengine watasema mbona watoto wa Ulaya wanalala usiku mzima. Katika miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness walikaa na familia za Wakipsigis, katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Waliona watoto wanalala ubavuni mwa mama, wanaamka na kunyonya usiku, na wakiwa na miezi kadhaa bado wanalala kwa vipande vifupi kuliko watoto wa Marekani wa umri ule ule. Mama zao hawakuona kwamba ni shida, kwa sababu mama alikuwa hahitaji kusimama, na mchana kulikuwa na dada mkubwa wa kumbeba mtoto. Shida ya hapa kwetu mara nyingi siyo mtoto kuamka. Ni mama kuwa peke yake: usiku ananyonyesha, alfajiri anatafuta kuni, saa 2 yuko kwenye foleni. Baba wa mtoto huyu tulimwambia waziwazi: huwezi kunyonyesha, lakini mtoto akishashiba unaweza kumshika kifuani zile dakika 20, na maji unaweza kuchota wewe. Alikubali mbele ya mama yake, na bibi hakupinga.

Mama yule alituuliza jambo lingine. Alipompeleka mtoto Mbarara kwa taksi, mtoto alilala njia nzima bila kulia. Gari liliposimama stendi, akaamka. Ni jambo lile lile. Mtikisiko na ngurumo ya gari vilimvusha mwisho wa mzunguko kila mara, kama vile mama anavyombembea mgongoni kwenye kitenge. Gari liliposimama, kitu kilichomvusha kikaondoka, akaamka kuangalia kulikoni.

Sasa jambo zito. Kuamka kwa mtoto ni ulinzi pia. Mtoto akizibwa pumzi na nguo, au hewa ikiharibika, ni huko kuamka kirahisi kunakomwokoa. Kwa hiyo msimpe dawa ya kumlaza. Tunajua kuna wanaotoa piritoni, kuna wanaolowesha kidole kwenye waragi. Mtoto aliyelazwa kwa dawa anaweza kushindwa kuamka anapohitaji kuamka. Mlazeni chali ndani ya chandarua, uso wazi, ubavuni mwa mama, siyo katikati ya watoto wengine wala karibu na mtu aliyekunywa pombe. Na sigiri ya makaa isilale ndani ya nyumba iliyofungwa.

Kuna pia kuamka ambako siyo kwa mzunguko wa usingizi. Mtoto wa chini ya miezi 2 akiwa na joto kali, au mwili wa baridi usiopata moto, apelekwe kituo cha afya usiku ule ule, hata kama ni kwa bodaboda. Vivyo hivyo akikataa ziwa, akishikwa na degedege, au akitikisika tu pale anaposhtuliwa. Pumzi pia ihesabiwe: akiwa ametulia, hesabu dakika nzima, zikifika 60 au zaidi, hesabu tena, zikiwa bado ni hivyo, au kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, msisubiri asubuhi. Kusimama kwa pumzi kidogo kama tulivyoona saa 2:25 ni kawaida, lakini ikisimama kwa sekunde 20, au midomo ikiwa ya bluu, ni hatari. Kituo kikiona ni lazima, kitawapeleka hospitali ya rufaa ya Mbarara. Na mkumbuke hili: mtoto mchanga anayelala mno, ambaye hata kwa ziwa haamki, anatutia wasiwasi zaidi kuliko huyu anayeamka kila saa.

Tulipomrudia mama yule baada ya siku 9, mtoto alikuwa bado anaamka. Aliamka mara 4 usiku wa jana yake, alituambia. Lakini hapo zamani alikuwa anamwinua mara 8 au 9. "Sasa naangalia macho yake kwanza," akasema. Kuhusu mtu anayemchungulia mtoto usiku, alicheka: "Ni mimi."

Kama na nyinyi mna swali juu ya mtoto, mpeni VHT wa kijiji chenu, ao mtuletee wenyewe. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya mtoto anayeota meno: ni homa gani ya meno, na ni homa gani ya malaria. Mlale salama.